Linki ya wimbo: kwa nini shangazi hasikii ulichomtumia

Karibu kila kundi la ukoo kwenye WhatsApp lina ujumbe huu mahali fulani: mtu katupia wimbo, chini yake wawili wamejibu kwa moyo na kopa, wa tatu kaandika "huu wimbo umenikumbusha mbali", na wa nne, kwa kawaida mtu mzima, kaandika neno moja: "Haifunguki." Anaambiwa aiguse ile picha. Anasema ameigusa. Anaambiwa azime simu awashe. Mazungumzo yanahamia kwenye mchango wa harusi, na wimbo anaukosa.

Watu wengi huishia kusema simu ya shangazi ni mbovu, au bando limekwisha. Mara nyingi si hilo wala lile. Anayetuma linki ya wimbo hudhani ametuma wimbo, kumbe ametuma vitu viwili visivyotegemeana: kadi yenye picha, ambayo imetengenezwa na simu yake yeye mtumaji, na anwani, ambayo itafunguliwa na simu ya mpokeaji kwa namna simu hiyo ionavyo. Kadi huonekana ileile kwa wote. Anwani haifunguki sawa kwa wote, na ugomvi wote unaanzia hapo.

Tuchukue kisa kimoja tukifuate. Kijana anafanya kazi Maskati na analipia Spotify kila mwezi. Usiku amekutana na taarabu ya zamani, anataka shangazi yake aliyeko Tanga aisikie. Anabonyeza kitufe cha kushiriki, anachagua WhatsApp, anachagua kundi la ukoo. Kwenye kisanduku cha kuandikia inaingia anwani ya namna hii:

```
https://open.spotify.com/track/KITAMBULISHO?si=ALAMA
```

Kitambulisho ni mfuatano wa herufi na tarakimu 22, na ndicho kinachoutaja wimbo wenyewe. Kile kipande cha nyuma kinachoanza na `?si=` hakina kazi katika kuupata wimbo. Ni alama ambayo huduma hutumia kujua linki ilitokea kwenye tendo gani la kushiriki. Ukikikata, wimbo hufunguka vilevile. Wanaojali faragha hukikata, na sioni ubaya wake.

Sasa mtazame kijana kabla hajagusa kitufe cha kutuma. Akisubiri kidogo ataona juu ya kisanduku cha kuandikia kinajitokeza kijikadi: kava ya albamu, jina la wimbo, jina la mwimbaji. Kadi hiyo imetengenezwa palepale na simu yake. WhatsApp ndani ya simu imekwenda kwenye ule ukurasa wa wavuti na kusoma mistari michache iliyofichwa juu kabisa ya ukurasa, mistari ambayo msomaji wa kawaida haioni. Inafanana na hii:

```
<meta property="og:title" content="Jina la wimbo">
<meta property="og:image" content="https://.../kava.jpg">
```

Herufi `og` ni kifupi cha Open Graph, utaratibu uliotolewa na Facebook mwaka 2010 ili kurasa za wavuti zijieleze zenyewe kwa programu zinazozitaja. Simu ya kijana inachukua jina, inachukua picha, inaipunguza ukubwa, kisha inavifungasha pamoja na ujumbe na kuvifunga kwa usimbaji kabla ya kuvituma. Kule Tanga, simu ya shangazi inafungua kifurushi na kuonyesha kilichomo. Haikwenda Spotify hata mara moja. Ndiyo maana anaiona kava vizuri kabisa ingawa simu yake haijawahi kuwa na Spotify.

WhatsApp imelazimika kufanya hivyo. Kwa kuwa ujumbe umefungwa kutoka simu hadi simu, seva iliyo katikati haiwezi kuusoma, kwa hiyo haiwezi kuiona linki na kuitengenezea kadi. Iliyobaki ni simu ya mtumaji au ya mpokeaji. Ingefanya ya mpokeaji, kila mtu angeweza kukutumia linki ya tovuti yake mwenyewe, na simu yako ingekimbilia huko bila wewe kugusa chochote, ikiacha nyuma anwani yako ya mtandao, inayoweza kuonyesha takriban uko mji gani. Oktoba 2020 wataalamu wawili wa usalama, Talal Haj Bakry na Tommy Mysk, walichapisha uchunguzi wao wa jinsi programu mbalimbali zinavyotengeneza kadi hizi. WhatsApp, Signal, Viber na iMessage ziliwekwa katika kundi la zile ambazo mtumaji ndiye anayeitengeneza kadi. Messenger ya Facebook, Instagram na Zoom zilikuwa miongoni mwa zile ambazo seva ya kampuni huichukua linki na kuishughulikia.

Katika utaratibu wa WhatsApp kuna mambo mawili ambayo msomaji anaweza kuyaona kwa macho yake leo hii. La kwanza ni haraka. Mtandao ukiwa mzito, na kijana akagusa kutuma kabla kadi haijatokea, kundi zima litapata maandishi matupu ya buluu. Shangazi hawezi kulitibu hilo upande wake, hata awe na simu ya milioni tatu, kwa sababu kadi haikufungashwa. Vivyo hivyo kwa aliyezima kadi za linki kwenye mipangilio ya faragha ya WhatsApp: linki zake zote zitafika tupu. Kwa hiyo ukipokea linki ya wimbo isiyo na picha, tatizo la kadi limetoka kwa aliyekutumia, na dawa yake ni yeye kutuma upya na kungoja nukta mbili tatu.

La pili ni umri wa kadi. Kadi ni picha ya jinsi ukurasa ulivyokuwa dakika ile ilipotumwa. Mwimbaji akibadilisha kava mwezi ujao, au wimbo ukiondolewa kwa sababu ya mgogoro wa haki, kadi iliyomo kwenye kundi haibadiliki. Itaendelea kung'aa na jina lake, na ukiigusa utakuta mlango umefungwa. Watu hufowadi kadi za namna hiyo miaka na miaka. Telegram hufanya tofauti: katika mazungumzo yake ya kawaida kadi hutengenezwa na seva, ambayo huitunza kwa muda, na kuna kijiroboti chake, `@WebpageBot`, ambacho ukikitumia linki kinaisoma upya na kuleta kadi mpya.

Hadi hapa shangazi ameona sawasawa na wengine. Tofauti inaanza anapogusa.

Anapogusa kadi, WhatsApp inaikabidhi anwani kwa mfumo wa simu, yaani Android au iOS, na mfumo unajiuliza: kuna programu humu ndani yenye haki ya kufungua anwani za `open.spotify.com`? Haki hiyo haitolewi kwa kudai tu. Tovuti yenyewe huweka faili mahali panapojulikana, ikitaja programu inayoiamini. Kwa Android ni hapa:

```
https://open.spotify.com/.well-known/assetlinks.json
```

Kwa iPhone faili inaitwa `apple-app-site-association`. Programu inapowekwa kwenye simu, mfumo hulinganisha pande mbili, na zikikubaliana, linki zote za tovuti ile hupelekwa moja kwa moja ndani ya programu bila kupitia kivinjari. Utaratibu huu ulikuja kwenye simu zote mbili mwaka 2015, kwa iOS 9 na Android 6.

Kwa binamu aliyeko Mombasa mwenye Spotify, basi, kugusa ni kusikia. Kwa shangazi, mfumo haukukuta programu yoyote yenye haki, ukafanya kitu pekee kilichobaki: umeifungua anwani kwenye kivinjari kama ukurasa wowote wa wavuti. Anaona kava ileile, jina lilelile, na vitufe vinavyomwita aingie kwenye akaunti, ajisajili au apakue programu. Kwake yeye huo ni ukurasa wa matangazo. Amerudi nyuma, akaandika "haifunguki", na kwa haki kabisa. Linki imefunguka, wimbo ndio haukufunguka.

Wapo wanaosema basi apakue programu yenyewe, kuna ya bure. Ni kweli, Spotify ilifunguliwa rasmi Tanzania, Kenya na Uganda Februari 2021, na kujisajili hakulipiwi. Lakini hesabu kinachotakiwa: programu ya megabaiti kadhaa kadhaa, barua pepe au namba ya simu, nenosiri ambalo atalisahau kesho, na nafasi kwenye simu iliyojaa picha za wajukuu. Kisha, hata akimaliza yote hayo, anaweza kukuta programu inamfungukia kwenye ukurasa wake wa mwanzo, si kwenye ile taarabu, kwa sababu kumbukumbu ya linki iliyomleta haikuvuka salama kutoka kivinjari hadi duka la programu hadi ndani. Inabidi arudi WhatsApp aguse kadi upya. Nani amemwambia hivyo?

Kwa miaka mingi mwenye akaunti ya bure alikuwa na kero nyingine ya ziada: kwenye simu, aligusa wimbo aliotumiwa akajikuta anachezewa nyimbo kwa kuchanganywa, na ule alioutaka huenda usije mapema. Ugomvi wa "mimi nimesikia wimbo mwingine kabisa" ulitokana na hilo. Septemba 2025 Spotify ilitangaza kwamba msikilizaji wa bure anaweza kugusa wimbo alioshirikiwa na ukacheza ule ule. Kama programu yako ni ya zamani, isasishe kabla hujamlaumu aliyekutumia.

Kuna wakati pia programu imo kwenye simu na bado kivinjari ndicho kinachofunguka. Kwenye Android, nenda kwenye mipangilio ya programu husika, tafuta `Open by default`, uone kama imeruhusiwa kufungua linki zake. Wengi waliwahi kuizima bila kujua. Kwenye iPhone, ibonyeze linki kwa muda mrefu, uchague kuifungua ndani ya programu. Mara nyingi simu hukumbuka ulichochagua. Na kama linki umeigusia ndani ya Instagram au Facebook, kumbuka programu hizo zina vivinjari vyao vya ndani, ambamo hujaingia kwenye akaunti yako yoyote, kwa hiyo unaonekana mgeni hata kwenye huduma unayoilipia. Tafuta kitufe cha kuihamishia kwenye kivinjari cha kawaida.

Kionjo ni kisa kingine, na hapa Apple ndiyo imeleta kuchanganyikiwa kukubwa zaidi. Mwenye iPhone akimtumia mwenye iPhone mwenzake linki ya Apple Music kwa iMessage, kwenye ujumbe hutokea kiputo chenye kava na alama ya kucheza. Mpokeaji akiigusa husikia kipande cha wimbo palepale, hata kama halipii Apple Music. Mtumaji amezoea hivyo, anadhani ndivyo ilivyo kwa kila mtu. Siku akimtumia dada yake mwenye Android, ujumbe ukaenda kama SMS ya kawaida, kiputo hakisafiri. SMS hubeba maandishi, na kinachofika ni anwani ndefu isiyo na sura:

```
https://music.apple.com/om/album/jina/NAMBA?i=NAMBA
```

Simu ya dada ikiwa na programu ya Messages ya Google, na mipangilio yake imeruhusu, yenyewe inaweza kwenda kuisoma linki na kuitengenezea kadi. Hapo mpokeaji ndiye aliyeitengeneza, kinyume cha WhatsApp, na kwa hiyo ndugu wawili waliopokea SMS ileile wanaweza kuona vitu tofauti, mmoja kadi na mwingine maandishi tu. Lakini hata aliyeona kadi hatapata kitufe cha kuchezea ndani ya ujumbe. Akiigusa ataingia kwenye ukurasa wa Apple Music, na hapo asiye na akaunti huweza kucheza kionjo cha takriban sekunde 30. Ni kipande cha katikati ya wimbo aghalabu, kwa hiyo asishangae kukosa utangulizi wa fidla. Taarabu ya dakika kumi na mbili ikikatwa sekunde thelathini, unaweza usimsikie mwimbaji hata kidogo.

Tazama pia zile herufi mbili kwenye anwani, `om`. Ni Oman, duka ambalo linki ilitokea. Ingetumwa kutoka Tanzania, ambako Apple Music ilifika mwaka 2020, ingekuwa `tz`. Kwa anayefungua kupitia kivinjari, ukurasa humwonyesha duka la nchi iliyoandikwa, na wimbo ambao haki zake hazikutolewa kwa nchi ya mpokeaji unaweza kuwepo kule na kukosekana huku. Hapo unapata ile hali ya kero kuliko zote: kadi ipo, ukurasa upo, jina la wimbo lipo, ila limefifia rangi na haliguswi. Bando halihusiki na hilo, wala simu. Ni mkataba wa haki. Nyimbo zetu nyingi za zamani, zilizowahi kuuzwa kwa kampuni hii na ile, huangukia humo.

Waliotengeneza tovuti na programu ndogo za kuchezesha vionjo nao walipata pigo lao. Spotify iliwahi kuwapa watengenezaji wa programu kiungo cha kionjo cha sekunde 30 kwa kila wimbo kupitia mfumo wake wa data. Novemba 2024 ilikiondoa kwa programu mpya. Ukikutana na tovuti ya muziki ambayo vitufe vyake vya vionjo vimekufa vyote kwa pamoja, hicho ni chanzo cha kukishuku kwanza.

Sasa turudi kwa shangazi, maana bado hajasikia kitu. Kijana wa Maskati afanyeje?

Njia ya watu wengi ni YouTube, na ina sababu yake. Linki ya `youtu.be` ikifunguliwa kwenye kivinjari hucheza bila akaunti wala malipo, simu nyingi za Android huja na programu yake tayari, na WhatsApp huichezesha video kwenye kidirisha ndani ya mazungumzo yenyewe. Gharama yake ni data. Wimbo wa dakika tatu na nusu, sauti peke yake kwa ubora wa kawaida wa kilobiti 96 kwa sekunde, ni kama megabaiti 2.5. Video ya wimbo uleule huweza kula mara kadhaa ya hizo. Kwa nyimbo za Bongo na Kenya kuna pia Mdundo, iliyoanzia Nairobi: hufunguka kwenye kivinjari na kumpa msikilizaji faili la MP3, mara nyingi likiwa na tangazo la sauti mwanzoni. Kwa mwenye bando dogo, faili analolipakua mara moja na kulirudia wiki nzima ni nafuu kuliko kutiririsha kila siku.

Njia ya pili ni ukurasa wa pamoja. Tovuti ya `song.link` hupokea linki ya huduma moja na kutoa ukurasa mmoja wenye milango ya huduma nyingi, mpokeaji achague aliyo nayo. Tovuti za aina hii husaidiwa na namba za utambulisho ambazo tasnia ya muziki hutumia, kama ISRC, namba ya herufi na tarakimu 12 inayopewa kila rekodi. Zinafanya vizuri kwa nyimbo mpya zilizosambazwa rasmi. Kwa zilipendwa zilizopandishwa mara tatu na watu watatu tofauti, kila mara kwa namba yake, hukosea: unatuma wimbo wa asili, mwenzako anapata ulioimbwa upya. Fungua ule ukurasa uuangalie kabla hujautuma.

Wengine hukata mzizi wa fitina kwa kutuma faili zima la MP3 kwenye kundi. Litacheza kwa kila mtu, hilo halina ubishi. Ila kwenye simu ya kila mmoja litachukua megabaiti tatu au nne, na mwimbaji hahesabiwi hata msikilizaji mmoja. Kwa marehemu asiye na warithi wanaojulikana watu hujifariji. Kwa kijana anayetafuta riziki studio, mimi nisingelifanya.

Lakini kuna jambo jepesi kuliko yote hayo, na ndilo ninalowaomba wenye makundi ya ukoo. Chini ya linki, andika kwa mkono wako jina la wimbo, jina la mwimbaji au kikundi, na kama unajua, mwaka au albamu. Kadi inaweza kukosekana, linki inaweza kuangukia kwenye kivinjari, duka la nchi moja linaweza kukosa cha nchi nyingine, lakini maandishi hayo yatafika kwa kila mtu, hata mwenye kitochi aliyepokea SMS. Shangazi atayapeleka kwenye huduma yoyote aliyo nayo, au atamwonyesha mjukuu, naye atamtafutia. Na ukiona mtu kaandika "haifunguki", usimwambie azime simu. Mwulize ameona nini alipogusa: maandishi tu, ukurasa wa kujisajili, au jina lililofifia. Jibu lake litakuambia kama utume upya, utume linki nyingine, au utafute rekodi nyingine.